Maumivu ya muundi kwa wakimbiaji wadogo: mwongozo wa kocha, kuanzia daftari hadi mazungumzo na mzazi

Kila mwaka, wiki chache kabla ya UMISSETA, walimu wa michezo huniuliza swali lilelile: mtoto anakimbia mita 1,500 au 3,000, alikuwa vizuri, sasa anashika muundi kila akimaliza mazoezi. Wamempaka dawa ya kuchua, wamempumzisha siku mbili, amerudi, na maumivu yamerudi naye.

Hapa nazungumzia muundi peke yake, yaani mfupa wa mbele wa mguu kati ya goti na kifundo. Magoti na visigino vina mambo yake. Muundi ndio unaowasumbua zaidi wakimbiaji wa masafa marefu ninaowaona, na ndio unaochanganya watu, kwa sababu matatizo mawili tofauti huanza kwa namna moja. La kwanza ni kukereka kwa utando wa mfupa, ambako hupona kwa kupunguza mbio. La pili ni ufa mdogo ndani ya mfupa wenyewe, na huo ukilazimishwa unaweza kuwa mvunjiko kamili.

## Unachohitaji

Daftari moja kwa timu nzima, kila mtoto na ukurasa wake. Futi ya fundi cherehani. Kalamu ya wino inayofutika kwa sabuni. Rula ndogo. Ukuta wenye alama ya kupimia urefu. Namba ya simu ya mzazi au mlezi anayelala nyumba moja na mtoto, siyo ya mjomba aliyejaza fomu ya shule.

Basi. Hakuna kifaa cha kununua dukani, na ukiona mtu anakuuzia soksi za kuzuia maumivu ya muundi, hifadhi hela yako.

## Hatua ya 1: Hesabu kilomita zote, hata zile usizozitoa wewe

Makocha wengi huandika mazoezi yao tu. Mwili wa mtoto hauulizi kilomita imetoka kwa nani. Dar mtoto mmoja anaweza kuwa na kocha wa klabu asubuhi ya Jumamosi, mwalimu wa michezo jioni tatu za wiki, mpira wa mtaani Jumapili, halafu jogingi ya mtaa na kaka yake. Kila mmoja anaamini anampa mazoezi ya wastani.

Kwa hiyo kila Jumatatu muulize mtoto, mbele ya daftari: wiki iliyopita ulikimbia wapi na wapi? Andika yote, kwa makadirio. Kilomita mbili za kukosea si neno. Kinachotafutwa ni mruko wa ghafla.

Nimejifunza hili kwa kosa langu. Nilikuwa na msichana wa miaka 14, mkimbiaji wa mita 3,000. Kabla ya Ramadhani alikuwa anakimbia kilomita 24 kwa wiki. Akiwa amefunga tulishuka hadi 8 au 9, na hilo lilikuwa sawa. Baada ya Idi nikamrudisha moja kwa moja kwenye 22, wiki iliyofuata 24. Kwenye daftari langu ilionekana mtoto amerudi alipokuwa.

Nisichojua ni kwamba wiki hiyo ya pili shule yao ilianza kuchuja timu ya wilaya. Jioni tatu, kilomita tano kila jioni, nyingi zikiwa za kasi. Jumla yake ilikuwa 39. Wiki ya tatu ikafika 41. Mtoto aliyekuwa na kilomita 9 mwezi uliopita sasa alikuwa na zaidi ya mara nne yake, na mimi nilikuwa naona 24 tu.

Kwa nini mruko unaumiza? Mfupa unaobebeshwa mzigo mpya hujikarabati, lakini hufanya kama mafundi wa barabara: kwanza wanachimba lami ya zamani, ndipo wanajaza mpya. Kuchimba ni kwa haraka, kujaza ni kwa polepole. Katikati hapo, kama wiki ya tatu au ya nne tangu mzigo uongezeke, barabara imejaa mashimo na magari bado yanapita. Ndiyo maana maumivu hayaji siku ya mazoezi makali. Yanakuja wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kilichobadilika.

Kanuni ninazotumia sasa ni tatu. Mbio moja isizidi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ile ndefu kuliko zote alizokimbia katika siku 30 zilizopita: kama ndefu yake ilikuwa kilomita 8, wiki hii asipewe 10. Akitoka kwenye mapumziko, iwe mfungo, malaria au mitihani, aanze na nusu ya kilomita zake za zamani na apewe wiki nne za kupanda. Na kila wiki awe na siku mbili bila mbio yoyote, wala ile ya mwalimu mwingine. Kwa hilo la mwisho inabidi umpigie simu huyo mwalimu mwingine. Hakuna njia ya mkato.

Kuhusu lami na mchanga: naulizwa sana kama watoto wakimbie Coco Beach ili kuepuka barabara ngumu. Mchanga mkavu hufanyisha misuli ya nyuma ya mguu kazi kubwa, na ufukwe una mteremko unaofanya mguu mmoja uwe juu na mwingine chini. Mtoto aliyezoea lami akipelekwa mchangani kilomita sita siku moja, muundi utamwuma vilevile. Ugumu wa ardhi si tatizo kubwa kama kuibadilisha ghafla. Vivyo hivyo njumu: akizipata kwa mara ya kwanza wiki ya mashindano, asifanye nazo mazoezi yote. Raba za mtumba hazina ubaya, ila ziweke mezani uzitazame kwa nyuma. Zikiinama upande mmoja, aliyezivaa mwanzo amekwisha kuzimaliza.

Umefanikiwa hatua hii ukiona: unaweza kutaja jumla ya wiki nne zilizopita za kila mtoto, na hakuna wiki iliyoruka.

## Hatua ya 2: Pima urefu kila mwezi

Jumamosi ya kwanza ya mwezi, wote wavue viatu, visigino ukutani. Andika.

Mifupa ya mtoto hurefuka kwanza, kukomaa na kuwa migumu hufuata baadaye. Katika kipindi hicho cha kurefuka haraka, wasichana wengi wakiwa karibu na miaka 12 na wavulana karibu na 14, mfupa ni mrefu lakini bado haujakolea. Mtoto akiongezeka sentimita 2 au zaidi ndani ya miezi mitatu, mimi simwongezei kilomita hata kama anashinda kila mbio. Abaki alipo mpaka kasi ya kurefuka ipungue.

Hapa ndipo umri wa cheti unapodanganya. Wavulana wawili wa miaka 14 wanaweza kuwa mmoja ameshapita kipindi cha kurefuka haraka na mwingine ndiyo anakianza.

## Hatua ya 3: Uliza maumivu yanakuja lini

Usimuulize mtoto "unaumwa?" Atasema hapana, maana anataka kwenda kambi. Muulize yanaanza lini na yanaisha lini.

Utando uliokereka una tabia yake: unauma mwanzoni mwa mazoezi, mwili ukipata moto unatulia, halafu unarudi baada ya kumaliza au kesho yake asubuhi. Ufa haufanyi hivyo. Kadiri anavyokimbia ndivyo unavyozidi, na siku zikienda unaanza kuuma mapema zaidi: mwanzoni kilomita ya nne, kisha ya pili, kisha akitembea tu. Ukifika mahali unauma akiwa amelala, usiendelee na hatua nyingine yoyote ya mwongozo huu. Nenda hatua ya 5.

Msichana wangu alipitia vyote viwili kwa mfuatano. Wiki ya pili alisema "ukipata moto unaacha." Wiki ya tatu alikuwa anachechemea kutoka kituo cha daladala hadi uwanjani. Nilimwona kwa mbali, nikadhani ni malengelenge.

Onyo: uliza pia kama amemeza dawa. Diklofenaki na ibuprofeni zinapatikana duka la dawa la kila mtaa, na zinaficha jibu la swali lako. Msichana wangu alikuwa anapewa na shangazi yake kila siku ya mazoezi, kwa nia njema kabisa. Mtoto aliyemeza dawa asubuhi hiyo, msikilize na umpime kesho yake.

## Hatua ya 4: Pitisha kidole

Mkalishe, goti limekunjwa, mguu umelegea. Awepo mtu mzima wa pili, hasa kama kocha ni mwanaume na mkimbiaji ni msichana. Au mfundishe apitishe kidole chake mwenyewe huku ukitazama uso wake.

Fuata ukingo wa ndani wa muundi, ule unaoelekea mguu mwingine. Anza chini kidogo ya goti, shuka hadi kifundo, ukibonyeza kila baada ya upana wa kidole kimoja kwa nguvu ileile. Pale maumivu yanapoanza weka alama ya kalamu. Pale yanapoishia weka nyingine. Kisha pima kwa rula.

Eneo linalouma likiwa na urefu wa sentimita 5 au zaidi, mara nyingi sehemu ya kati na ya chini ya muundi, huo unaelekea kuwa utando. Likiwa dogo kama sarafu ya shilingi 200, na mtoto anaweza kuweka ncha ya kidole kimoja akasema "hapahapa", shuku ufa. Rudia mguu wa pili. Utando hupenda kuuma miguu yote miwili, ufa mara nyingi huchagua mmoja.

Kisha, kama tu anatembea bila maumivu, mwombe aruke mara tatu kwa mguu mmoja. Akikunja uso kwenye mruko wa kwanza, mwambie aache. Usimlazimishe amalizie.

Kuna sehemu moja ya kuogopa kuliko nyingine: ukingo wa mbele kabisa wa muundi, katikati, pale unapojigonga kwenye meza. Ufa wa hapo hupona kwa shida na unaweza kukatika wote. Maumivu ya nukta moja pale ni hospitali, hata kama anaruka vizuri.

Kipimo hiki hakithibitishi kitu. Kinakusaidia kujua nani asikimbie leo na nani aonwe na daktari.

## Hatua ya 5: Amua siku hiyohiyo

Utando. Punguza kilomita kwa nusu, ondoa mbio za kasi na vilima kwa wiki mbili, na aongeze kuinua visigino: asimame kwenye ngazi, apande kwa vidole polepole na kushuka polepole, mara 15 kwa raundi tatu, siku tatu za wiki, miguu miwili kwanza kisha mmoja. Lengo ni mara 20 safi kwa kila mguu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, mchukulie kama mwenye ufa.

Unashuku ufa. Hakimbii tena, kuanzia dakika hiyo. Akichechemea, atumie magongo. Anaenda hospitali na mzazi, na wewe unamwandikia karatasi yenye mistari minne: kilomita za wiki nane zilizopita, maumivu yalianza lini, nukta iko wapi, dawa alizomeza. Daktari asiyejua kwamba mtoto anakimbia kilomita 40 kwa wiki hana sababu ya kufikiria ufa.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana hapa ndipo wengi huanguka. Eksirei safi haimaanishi hakuna ufa. Katika wiki mbili au tatu za mwanzo picha huwa haionyeshi kitu, kwa kuwa kinachoonekana baadaye ni mfupa mpya unaojazwa. Kipimo cha MRI huuona mapema, lakini si kila familia itaumudu. Asiyeumudu ana njia nyingine: mtoto apumzike kama mwenye ufa, picha irudiwe baada ya wiki tatu.

Msichana wangu alipigwa picha zahanati moja, ikawa safi, akaambiwa ni misuli. Nyumbani wakafurahi, nami nikafurahi, akarudi mazoezini baada ya siku kumi. Jioni ya pili alishindwa kumaliza mizunguko miwili. Picha ya pili ilionyesha kovu la mfupa mpya mahali palepale alipokuwa anaweka kidole. Mashindano yakapita akiwa nyumbani.

Haya si ya kusubiri: homa pamoja na maumivu ya mfupa, sehemu iliyovimba na kupata joto, uvimbe mgumu karibu na goti, kupungua uzito, au maumivu ya usiku kwa mtoto ambaye hajakimbia kwa muda. Inaweza kuwa maambukizi ya mfupa au uvimbe, wala si jambo la mazoezi. Mtoto mwenye seli mundu akiumwa mfupa, aende hospitali siku hiyo. Kwa Dar, anzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, yaani Amana, Temeke au Mwananyamala, nao wataamua kama aende Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

## Hatua ya 6: Zungumza na mzazi

Usimtume mtoto na ujumbe. Atafika nyumbani na kusema "kocha kasema nipumzike kidogo." Piga simu, au nenda. Mimi husema hivi:

"Shikamoo mama. Mtoto ana maumivu ya mfupa wa muundi, sehemu moja. Inawezekana mfupa umeanza kuingia ufa. Hajafanya kosa, na nyie hamjafanya kosa. Nimemsimamisha kukimbia. Naomba aonwe na daktari wiki hii, na nitakuandikia karatasi ya kumpa daktari."

Halafu namwomba mambo ambayo mzazi peke yake anaweza kuyaona.

La kwanza, asimpe dawa ya maumivu ili akimbie. Akiihitaji usiku kwa ushauri wa daktari, sawa, ila mimi nijue.

La pili, amtazame asubuhi anaposhuka kitandani na jioni anapopanda ngazi. Mtoto anaweza kumficha kocha, lakini mama anajua mwendo wake kwa sauti ya ndala.

La tatu, chakula, na hapa huwa sina haraka. Mtoto anayekuja uwanjani saa 11 alfajiri na tumbo tupu, akaenda shule na chai na andazi moja, anakula mlo wa kueleweka usiku tu. Mfupa haujengwi na mlo mmoja. Simwambii mzazi anunue unga wa mazoezi. Namwambia uji wenye karanga kabla au mara baada ya mazoezi, dagaa wazima na mifupa yao, maharage, maziwa mgando hali ikiruhusu, na wali au ugali usipunguzwe. Kuna wazazi, na makocha pia, wanaomsifu msichana kwa kukonda. Naomba hilo liachwe kabisa. Mwambie mama, au mwambie mwalimu wa kike amwambie: kama binti alishavunja ungo na sasa amekosa hedhi miezi mitatu, au amefika miaka 15 hajaanza, aonwe na daktari. Mara nyingi ni dalili kwamba anatumia nguvu nyingi kuliko anazokula, na mifupa yake inalipa.

Mzazi atakayebisha zaidi ni baba aliyeona kipaji. "Kocha, mashindano ni wiki mbili tu, si avumilie?" Usimjibu kwa vitisho. Mpe hesabu: ufa uliopumzishwa mapema huchukua wiki sita hadi nane kabla ya kuanza kukimbia tena. Akiendelea kukimbia na ufa, unaweza kuchukua miezi mingi, pengine na upasuaji. Kwa hiyo anachagua kupoteza mashindano haya, au haya na ya mwakani.

Umefanikiwa ukiona: mzazi anakupigia yeye kukuambia kwamba mtoto alichechemea.

## Hatua ya 7: Mrudishe kwa dakika, siyo kwa kilomita

Mtoto harudi kwa sababu wiki zimetimia. Anarudi akiwa ametembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu siku tano mfululizo, kidole kikipita muundi mzima bila kushtuka, akiruka mara kumi kwa mguu ule bila kukunja uso, na daktari aliyemwona akiwa amekubali. Wakati anasubiri anaweza kuogelea, au kuendesha baiskeli kama haimuumi.

Kisha siku moja anakimbia, siku inayofuata hakimbii:

1. Wiki ya kwanza: dakika 1 mbio za polepole, dakika 2 kutembea, mara 7.
2. Wiki ya pili: dakika 2 mbio, dakika 1 kutembea, mara 7.
3. Wiki ya tatu: dakika 5 mbio, dakika 1 kutembea, mara 4.
4. Wiki ya nne: dakika 20 mfululizo, ardhi tambarare, raba za kawaida.

Baada ya hapo ndipo unaongeza muda, na muda ukishafika nusu ya ule wa zamani ndipo unarudisha kasi. Njumu huwa za mwisho.

Asubuhi ya kila siku baada ya mbio, apitishe kidole. Nukta ikiuma, apumzike siku mbili kisha arudi wiki moja nyuma. Ikiuma mara ya pili, arudi kwa daktari.

Msichana wangu alikaa wiki tisa bila kukimbia, na tano za ngazi hii. Wiki ya pili nukta ilimuuma mara moja, tukarudi nyuma, haikurudi tena. Siku alipokimbia dakika 20 mfululizo alikuja akiwa na daftari lake mwenyewe, ameandika na kilomita za mwalimu wa shule pembeni, kwa wino mwekundu.